Saizi 15 ya nini? Historia iliyoandikwa ubavuni mwa tairi

Baba mdogo ana Hiace inayofanya kazi kati ya Marangu Mtoni na Moshi mjini. Siku moja aliona tangazo kwenye simu: "Tairi 4 kali sana, saizi 15, zinafunga Hiace na Noah." Kulikuwa na picha ya matairi yamepangwa moja juu ya lingine, meusi, yanang'aa. Akapiga simu, akauliza kama ni 15 kweli, akaambiwa ni 15 kweli. Akatuma hela. Kesho yake mchana matairi yakapanda kutoka Moshi juu ya daladala ya mwenzake.

Tatizo la hadithi hii ni kwamba matairi yaliingia. Yangekataa kuingia, shida ingeishia pale pale kwa fundi pancha. Lakini ringi ya Hiace yake ni ya inchi 15, matairi yalikuwa ya inchi 15, yakakaa vizuri, yakajazwa upepo, gari likashushwa kwenye jeki. Ndipo fundi akarudi nyuma hatua mbili, akaliangalia, akasema, "Mzee, zimeingia, ila sio za gari hili." Gari lilikuwa limekaa chini kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Fundi akainama akasoma ubavuni: 195/65R15 91H. Kisha akasoma tairi la zamani: 195/80R15 107/105L LT.

Baba mdogo alipompigia muuzaji, alijibiwa, "Lakini si uliuliza 15, mzee wangu? Nikakuletea 15." Na kwa kweli hakudanganywa kuhusu hiyo 15. Alidanganywa na yale ambayo hayakuandikwa.

Nilipoanza kuuliza kwa nini tairi lina namba nyingi namna ile, nikakuta kwamba mstari ule ni kama kuta za kisima: kila tabaka limewekwa na enzi yake, na kila tabaka liliongezwa kwa sababu yale ya mwanzo yalikuwa hayatoshi kumwambia mnunuzi kama kitu hiki kitamfaa. Anayeandika "saizi 15" peke yake anafuta zaidi ya miaka mia ya marekebisho na kubaki na tabaka la chini kabisa.

Tuanze na hilo la chini. Tairi la upepo lilipata hataza Uingereza mwaka 1845 kwa jina la Robert William Thomson, likasahaulika, likazaliwa upya mwaka 1888 Belfast mikononi mwa daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, kwa ajili ya baiskeli. Nchi zilizokuza biashara hiyo, Uingereza na baadaye Marekani, zilipima kwa inchi. Ndiyo maana ringi ya gari lililotengenezwa Japani, nchi ya mita na sentimita, likauzwa Moshi, nchi nyingine ya mita na sentimita, inapimwa kwa inchi hadi leo.

Ila hapo mwanzo inchi hizo hazikuwa za ringi. Chukua Ford Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kusambaa duniani kuliko lolote kabla yake. Tairi lake liliandikwa 30×3½. Ile 30 ni kipenyo cha tairi lote kwa nje, na 3½ ni unene. Ukitaka kujua ringi, ilibidi upige hesabu: toa unene wa juu na wa chini, yaani 7, unabaki na 23. Namba ilieleza sura ya tairi. Kitu ambacho mnunuzi alikihitaji kuliko vyote, yaani litaingia wapi, kilibaki kichwani mwake akikokotoe mwenyewe. Kibaya zaidi, watengenezaji walipoanza kutoa matairi manene zaidi kwa ringi ileile, kipenyo cha nje kilibadilika, na jina la tairi likabadilika nalo ingawa ringi ilikuwa haijaguswa.

Basi katika miaka ya 1920 namba zikageuzwa. Model A, iliyofuata mwaka 1928, ilikuja na 4.50-21: unene inchi nne na nusu, ringi inchi 21. Ni badiliko dogo kulitazama, lakini kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote yaliyofuata. Kwa mara ya kwanza namba ya tairi ilianza kusema habari za gari litakalolibeba.

Mfumo huo haujafa. Simamisha bodaboda yoyote pale stendi ya Himo, uangalie tairi lake: utakuta kitu kama 2.75-17 au 3.00-18. Ni lugha ya Model A, inazungumzwa kila siku kwenye njia za Kibosho na Uru. Land Rover zilizotoka kuanzia 1948 zilikuwa na 6.00-16, na zile ndefu zilizokuja baadaye zikavaa 7.50-16. Land Cruiser za zamani zinazopandisha wageni kwenye lango la Machame nazo ni za ukoo huo: 7.50, halafu 16. Kwa hiyo ukiona tangazo la "tairi la Land Cruiser 750", muuzaji hajakosea, anatumia jina la mtaani lenye asili halali. Ameacha tu kitu kimoja, nacho ni kile kilicho katikati ya 7.50 na 16. Je, ni kistari au ni R?

Hapo ndipo tabaka la pili linapoanza. Matairi ya awali yalijengwa kwa tabaka za turubai zilizopishana kimshazari kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kama mkeka. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilichukua hataza ya ujenzi mwingine: nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kama mbavu za mtu, na juu yake, chini ya uso unaogusa barabara, unafungwa mkanda wa chuma. Tairi la kwanza la namna hiyo, X, liliingia sokoni mwaka 1949. Huo ndio ujenzi wa radiali, na R ni alama yake. Ubavu wa radiali hulegea na uso wake hutulia barabarani, kwa hiyo hauchemki haraka wala hauliki haraka. Tairi la mshazari hukaza kila mahali. Ukifunga mbele aina moja na nyuma aina nyingine, gari linashika kona kwa namna mbili tofauti kwa wakati mmoja. Kwenye kona za kushuka kutoka Mamba au Kirua hilo sio jambo la kujaribu. Kwa hiyo 7.50-16 na 7.50R16 zinaingia ringi moja, zina kimo karibu kimoja, lakini sio bidhaa moja, na tangazo lililoandika "750/16" limemwacha mnunuzi gizani kati ya hizo mbili.

Michelin pia ndio waliotuletea milimita. Walipima upana wa matairi yao kwa kipimo cha kwao, na kwa muda walipima hata ringi: Citroën za enzi hizo zilivaa 165-400, upana milimita 165, ringi milimita 400. Upana wa milimita ukashika dunia. Ringi ya milimita ikashindwa. Walijaribu tena mwaka 1975 na tairi la TRX, lililotaka ringi za milimita 390 na nyinginezo, ambazo ni inchi 15 na kidogo. Lilikuwa tairi zuri kwa maelezo ya waliolitumia, lakini mwenye gari lile akawa mfungwa: hakuna tairi lingine lililoingia kwenye ringi yake. Leo wenye magari hayo ya zamani wanatafuta matairi kama watu wanaotafuta dawa adimu. Ndiyo tukabaki na mchanganyiko wa ajabu, milimita upande mmoja na inchi upande mwingine, kwenye mstari mmoja, na hakuna anayeona ajabu.

Sasa ile 65 iliyomponza baba mdogo. Matairi ya radiali ya mwanzo yalikuwa na kimo cha ubavu kilichozoeleka, takriban asilimia 80 hadi 82 ya upana, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Tairi liliitwa 195R15 basi. Kuanzia miaka ya 1960 yakaja matairi mafupi zaidi, asilimia 70, baadaye 65, 60 na kushuka, kwa ajili ya magari ya kukimbia na kushika kona. Mara mbavu zilipokuwa za vimo tofauti, ilibidi namba ya tatu iingie katikati. Lakini zile za kale hazikufutwa. Ndiyo maana Hiace zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na 195/80R15, na zile zilizotengenezwa kwa masoko mengine huwa na 195R15C, na watu wanabishana vijiweni kama ni kitu kimoja. Kwa kipimo, karibu ni kimoja: pale uwiano usipoandikwa kwenye tairi la gari la biashara, usome kama 80. Ile C ni alama ya magari ya biashara, kama LT ya Wajapani.

Na 195/65R15? Hesabu ni ya darasa la saba. Upana mara uwiano unapata ubavu mmoja. Zidisha kwa mbili kwa sababu kuna ubavu juu na chini. Ongeza ringi, ukikumbuka inchi moja ni milimita 25.4.

```
195/80R15:  195 × 0.80 × 2 + 15 × 25.4 = 312.0 + 381 = 693.0 mm
195/65R15:  195 × 0.65 × 2 + 15 × 25.4 = 253.5 + 381 = 634.5 mm
```

Tofauti ni milimita 58 na nusu kwa kipenyo, kwa hiyo gari lilishuka nusu yake, karibu sentimita tatu. Ndizo alizoziona fundi aliporudi nyuma hatua mbili, bila kalamu. Na kwa kuwa tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, mshale wa spidi ungesoma 80 wakati gari linakwenda kama 73, na kilomita kwenye dashibodi zingepanda kwa asilimia tisa zaidi ya zile zilizotembewa. Kuna madereva wanaopenda hilo, nakiri. Tairi dogo linalifanya gari liwe jepesi kwenye mlima, kama vile umeongeza gia. Ukimwambia dereva wa Rombo kwamba saizi yake sio sahihi, anaweza kukujibu kwamba gari linavuta vizuri kuliko zamani, na atakuwa anasema kweli.

Ila kimo hakikuwa hatari kubwa pale. Hatari ilikuwa kwenye namba ambazo karibu hakuna tangazo linalozitaja, zile zinazofuata baada ya nafasi: 91H upande mmoja, 107/105L upande mwingine.

Zamani uwezo wa kubeba ulielezwa kwa tabaka. Tairi lilikuwa na tabaka nne, sita au nane za turubai la pamba, na mtu alizihesabu kama anavyohesabu mabati ya nyumba. Baadaye pamba ikabadilishwa na nyuzi zenye nguvu zaidi, nailoni na nyinginezo, na tabaka mbili zikaweza kufanya kazi ya nne. Watengenezaji hawakutaka wateja waone namba inashuka, wakaendelea kuandika 8PR kwa maana ya "lina nguvu kama lile la tabaka nane". Bado utaikuta ubavuni. Haihesabu tena kitu chochote ndani ya tairi. Ni kumbukumbu ya pamba ambayo haipo.

Katika miaka ya 1970, kanuni za Ulaya za kukubali matairi, zilizopitia Umoja wa Mataifa, zilieneza utaratibu mwingine: namba moja inayosimamia kilo, na herufi moja inayosimamia mwendo. Namba hizo sio kilo zenyewe, lazima usome jedwali, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. 91 ni kilo 615. 107 ni kilo 975. Ile 105 inayofuata mkwaju ni kilo 925, na inahusu gari lenye matairi mawili mawili nyuma, kwa hiyo kwenye Hiace ya kawaida unaangalia ile ya kwanza.

Fanya hesabu ya gari la baba mdogo. Matairi manne ya 91 yanabeba, kwa kikomo, kilo 2,460. Hiace tupu inakaribia tani moja na robo tatu. Weka watu kumi na watano, dereva na konda ndani yake, uwaweke kwa kilo 65 kila mmoja, ambayo ni heshima tu kwa wasafiri wetu: hizo ni kilo elfu moja na mia na kidogo. Umeshapita kikomo kwa kilo 400 hivi kabla hujapakia mkungu mmoja wa ndizi, na siku ya soko hakuna Hiace inayoshuka Marangu bila mikungu. Matairi yake ya zamani, manne ya 107, kikomo chake ni kilo 3,900. Na mzigo haugawanyiki sawa. Nyuma, wanapokaa watu wengi na mizigo, matairi mawili ya 91 yanakoma kwenye kilo 1,230 kwa pamoja.

Halafu kuna upepo. Tairi la gari dogo la kawaida hufikia uwezo wake wa mwisho kwenye kilopaskali 250 hivi, ambayo kwenye geji ya fundi ni kama 36. Lile la LT au C hufikia uwezo wake kwenye 450 hivi, kama 65 kwenye geji. Fundi aliyezoea Hiace anajaza kwa mkono uliozoea Hiace. Akijaza tairi la 91 upepo wa lile la 107, anapita kikomo chake; akilijaza upepo wake sahihi, mzigo unalikandamiza. Hakuna geji itakayoliokoa.

Tairi lililozidiwa halipasuki siku ya kwanza. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kila kujikunja kunatoa joto. Kutoka Marangu Mtoni unashuka kona kwa kona hadi Himo kwa mwendo wa pole, kisha unaingia barabara kuu kuelekea Moshi, lami imenyooka, jua la saa nane, mwendo unapanda. Joto lililokusanywa halipati pa kutokea. Mkanda unaanza kuachana na mwili wa tairi kwa ndani. Dalili zake zipo ukizijua: ubavu wenye moto kuliko wa tairi la upande wa pili ukiugusa kituoni, uvimbe mdogo kama jipu, mtikisiko kwenye usukani ambao haukuwepo jana.

Herufi nayo ina mtego wake. H maana yake ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. L ni 120. Mtu akilinganisha anaona H ni tairi bora zaidi, na muuzaji aliyeandika "H-rated kali" anaamini hivyo kwa moyo mweupe. Lakini herufi inazungumzia mwendo tu. Tairi la kukimbia 210 likiwa limebeba kilo 615 linaweza kuwa bora kwa Noah na kuwa janga kwa Hiace. Na ndivyo ilivyokuwa: 195/65R15 ni saizi halali kabisa ya Noah nyingi za ringi 15. Tangazo lililosema "zinafunga Hiace na Noah" lilikuwa sahihi kwa nusu yake ya pili.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye historia ya kwetu, maana nadhani inaeleza kwa nini tatizo hili ni la sasa. Kiwanda cha General Tyre kilikuwa Arusha, jirani tu, serikali ikiwa na asilimia 74 na kampuni ya Continental ya Ujerumani asilimia 26. Kilizalisha tangu miaka ya 1970 hadi kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Enzi zake bora, magari yenyewe yalikuwa ya aina chache: Land Rover, Peugeot, malori, mabasi. Aliyesema "nipe ya Land Rover" alieleweka. Kisha soko likafunguliwa, magari yaliyotumika ya Japani yakaingia kwa maelfu, kila moja na saizi iliyochaguliwa kwa ajili ya barabara za Nagoya na sio za Kibosho, na jina la gari likaacha kutosha. Hata neno "Hiace" sio gari moja. Zile za kizazi cha 1989 hadi 2004 nyingi zina ringi 14. Za kizazi kilichoanza 2004 zina 15. Tangazo linalosema "zinafunga Hiace zote" haliwezi kuwa kweli.

Kwa hiyo ukitaka kumweleza mnunuzi kama tairi litafaa, usiahidi litafunga nini. Sema limetoka wapi na limeandikwa nini, kisha mwache alinganishe na kitu ambacho yeye anacho na wewe huna: kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huwa nacho. Maandishi ni ya Kijapani, lakini saizi ya tairi na upepo vimeandikwa kwa tarakimu zilezile tunazosoma. Usilinganishe na matairi yaliyopo kwenye gari peke yake, kwa sababu huenda mwenye gari kabla yako naye alinunua "saizi 15".

Kibandiko kina mpaka wake. Kinataja tairi, hakijui kama mtu alishabadilisha ringi. Mfano unaonisumbua ni Land Cruiser za 7.50R16 ambazo watu wanataka kuzivisha 235/85R16. Piga hesabu uone: 235 mara 0.85 mara mbili ni 399.5, ongeza 406.4, unapata milimita 806, kimo kilekile karibu cha 7.50R16. Kwa kimo ni mapacha. Lakini Land Cruiser nyingi za zamani zina ringi nyembamba ya inchi 5.5, ya kufunguka na pete, inayotaka tyubu, wakati 235/85 inataka ringi ya kuanzia inchi 6 kwa upana, na likiwa la bila tyubu haliwezi kuziba upepo kwenye ringi ya pete. Kwa hiyo kipimo cha upana wa ringi, ambacho hakimo kabisa kwenye namba ya tairi, ndicho kinachoamua. Kimeandikwa kwenye ringi yenyewe, kitu kama 5.50F au 6J. Mnunuzi wa saizi hizo aulizwe ringi yake kabla ya kutajiwa bei.

Kitu cha mwisho kinachosomeka ubavuni ni umri. Baada ya herufi DOT kuna mlolongo, na mwishoni tarakimu nne: 3421 ni wiki ya 34 ya mwaka 2021. Kabla ya mwaka 2000 zilikuwa tarakimu tatu, kwa hiyo ukikuta tatu, hata kama tairi lina meno yote na halijawahi kugusa barabara, limepita miaka ishirini na tano. Mara nyingi tarehe hii ipo upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi, kwa bahati ya ajabu, picha ya tangazo ni ya upande wa pili. Omba ule mwingine, na uombe wa kila tairi, kwa sababu seti ya manne yaliyotumika mara chache ina tarehe moja.

Nilikaa na baba mdogo tukaandika tangazo la kuyauza yale matairi manne, na tukaandika pia lile ambalo yeye angetaka kulisoma siku ile. Hili ni la pili:

```
Matairi 4 yaliyotumika: 195/80R15 107/105L LT, bila tyubu
DOT: mawili 3421, mawili 0822
Kina cha mifereji: mm 6, 6, 5, 5
Yametoka kwenye Hiace TRH200 ya 2008, ringi 15
Tairi la tatu limezibwa pancha moja katikati; mbavu hazina kiraka
Picha: ubavu wote wa kila tairi, upande wenye DOT
Soma kibandiko cha mlango wako kwanza. Kikitofautiana, usilipe, piga simu
```

Kile kina cha mifereji kinapimwa na rula ndogo katikati ya uso wa tairi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vilivyosimama milimita 1.6 kutoka chini. Uso ukilika hadi kuvifikia, tairi limekwisha, kwa hiyo 6 na 5 ni matairi yenye maisha bado. TRH200 ni namba ya modeli, ipo kwenye kadi ya gari na kwenye kibati cha chuma, na inamaliza ubishi wa ringi 14 na 15.

La kwanza, lile la kuyauza matairi yenyewe, lilikuwa fupi. Aliandika 195/65R15 91H, tarehe zote nne, na chini yake: "Ni ya Noah. Hiace hapana." Mtu wa Kirua mwenye Noah alipiga simu siku ya tatu, akasoma kibandiko chake kwa sauti, herufi kwa herufi, na baba mdogo akawa anafuata kwa kidole kwenye ubavu wa tairi. Alilipwa pungufu ya alichotoa. Matairi ya zamani bado yapo kwenye Hiace, na la nyuma kushoto limebakiza milimita 2 tu juu ya kinundu.